Mpanda Farasi wa Vikombe

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, ila Lenzi aliyaficha mwaka mzima. Ndivyo walivyomwita kwenye duka la miwani alikokuwa akichonga vioo. Aliyempenda ni kijana aliyewaletea vifurushi vya fremu, na Jumamosi iliyokuwa inakuja kijana alikuwa anahamishiwa mji mwingine. Lenzi alibakiwa na wiki moja tu ya kusema au kumeza.

Basi akatoa karata za picha za kupigia ramli alizopewa na shangazi yake. Masharti aliyajua: changanya huku umeshika swali moja, kata kwa mkono wa kushoto, funua moja tu kwa siku. Usiirudishe. Ya kesho ilale kulia kwa ya leo, isomwe kama sura inayofuata ya hadithi ileile.

Jumatatu akatoka Mpanda Farasi wa Vikombe, amebeba kikombe chake taratibu. Lenzi nusura apige kigelegele: ndiye yeye, anakuja! Jumanne akaja Mtawa na taa yake, amemgeukia yule mpanda farasi. Akasema, haya, mwenzangu ni mpole, anafikiria kwanza.

Jumatano ikamtibua. Mbili za Mapanga: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, mapanga mawili yamekingama kifuani. Akaona hilo halimfai, akairudisha, akachanganya mpaka mikono ikauma, akakata, akafunua. Mwanamke yuleyule. Pakiti nzima ile, jamani! Akampigia simu shangazi.

Shangazi hakushangaa hata kidogo. Alisema karata zinaweza kujirudia zenyewe, wala si muujiza, kisha akamwuliza swali lilikuwa lipi.

"Niliuliza nifanye nini na penzi hili."

"Basi mbona unamsoma yeye? Swali ni lako, mwanangu. Wote hao ni wewe."

Lenzi akarudi mezani, akaanza hadithi upya tangu Jumatatu. Lo! Mwenye kikombe ni yeye. Anayezunguka na taa peke yake ni yeye. Aliyejifunga macho ili asichague ni yeye. Alikaa pale, mkono mdomoni, kama aliyekutwa na mtu anayemfahamu kuliko mama yake.

Alhamisi, Nane za Mapanga: mwanamke amefungwa, lakini kamba zimelegea na miguu iko huru. Ijumaa, Nguvu: mwanamke ameshika kinywa cha simba bila fimbo. Jumamosi asubuhi, Tano za Vikombe: mtu wa joho jeusi, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake, viwili vimesimama nyuma yake. Alielewa vizuri kabisa kinachomngoja. Akavaa viatu, akaenda.

Alimkuta akipakia gari, akamwambia yote bila kuzunguka. Kijana akashusha boksi chini.

"Nina mchumba," alisema polepole. "Lakini hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri hivyo."

Lenzi alilia njia nzima ya kurudi, hakujificha. Jumapili akafunua ya mwisho: Nyota. Mwanamke amepiga goti kando ya maji, hana vazi wala silaha, anamimina mitungi miwili na haimwishii. Lenzi akaitazama safu nzima. Wiki nzima alidhani anasoma habari za mtu anayeondoka, kumbe alikuwa anatambulishwa kwa mtu aliyefika: yeye mwenyewe.