Ninayo, Natafuta

Watu wengi wanadhani mnada ni kelele. Kelele hata mimi ninazo, muulize mume wangu. Mnada ni mdundo. Mdogo wangu hupiga paja lake kwa kiganja, na maneno yanapanda juu ya kile kiganja: ninayo ishirini, natafuta thelathini, thelathini natafuta, ishirini ninayo. Hesabu iliyo mkononi na hesabu inayotakiwa, zinakimbizana, na hapo katikati anatia maneno ya kuchekesha ili watu wasipate nafasi ya kukumbuka kwamba wana watoto wa kulisha. Mkono ukiinuka, mimi napiga ukelele, "Hapa," naye anavuta pumzi palepale, kisha ile iliyokuwa inatafutwa inakuwa iliyo mkononi, na safari inaendelea.

Sokoni, anakonadi nguo za mitumba, wanamwita Cherehani, kwa jinsi mdomo wake unavyokwenda. Wasichojua wageni ni kwamba nje ya mdundo, huyo Cherehani hawezi kuomba chumvi. Ana kigugumizi tangu utotoni, kile kibaya, cha shingo kukaza na macho kufumba. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake utalikuta jioni. Lakini mpe hesabu inayopanda, mpe kiganja na paja, ulimi unafunguka. Hata daktari hakutueleza kwa nini. Mimi sijali kwa nini, mradi iwe hivyo.

Siku ile nilimhitaji kuliko siku nyingine yoyote. Mume wangu alikuwa amelala hospitali na uti wa mgongo uliovunjika, hasikii miguu. Yeye ni fundi wa nyaya za umeme, alianguka kutoka juu ya nguzo. Daktari alisema kwa upole, lakini alisema: apasuliwe kesho asubuhi, kila siku inayopita inakula nafasi ya yeye kutembea tena. Na hospitali ikasema, bila upole, milioni mbili kabla dirisha la malipo halijafungwa jioni.

Basi tukakodi ukumbi wa shule, tukapanga viti, tukaita ndugu, majirani, mafundi wenzake wote, na bosi wao. Bosi alikuja na suti na mpiga picha wa video. Akakaa mstari wa mbele, akaniambia, "Shemeji, nimekuja na kitu kizuri, usiwe na wasiwasi." Shemeji yake mimi? Nikameza. Nikasema ahsante.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililonitoa jasho. Siku ambazo soko limelala, mdogo wangu hubeba ngazi na nyaya kwa bosi huyohuyo. Siku ya ajali alikuwa chini ya nguzo. Aliona mume wangu anapanda bila mkanda wa usalama, kwa sababu mikanda ilikuwa imechakaa na bosi alikuwa anasema mipya inakuja, inakuja. Mkaguzi wa kazi alipofika kuuliza, mdogo wangu alifungua mdomo, akakaza shingo, akafumba macho. Mkaguzi akatazama saa. Akasema atarudi. Mpaka leo anarudi.

Asubuhi ya mnada nilimvuta mdogo wangu nyuma ya ukumbi. Nikamwambia, "Bosi usimguse. Leo nataka miguu ya mume wangu. Habari za mkanda tutazitafuta baadaye." Akaitikia kwa kichwa. Sikumpa muda wa kusema.

Tulianza na ahadi. Hapo napo ana namna yake: anataja mtu, anataja kiasi, anarudia jumla, kisha anageukia mwingine kabla makofi hayajapoa. "Mama muuza mkaa elfu kumi, kumi ya mama imetufikisha laki tatu, laki tatu na nani?" Watu wakacheka, wakatoa. Tukauza saa ya ukutani, tukauza godoro. Mwalimu wa jirani, ambaye tulimfanya mhazini, akaninong'oneza: tumefika milioni moja. Nilifurahi, kisha nikatazama meza: kilichobaki kilikuwa jogoo mmoja, na nusu ya pesa bado.

Jogoo akainuliwa. "Ninayo hamsini, natafuta laki, laki natafuta kwa jogoo, jogoo kijana, hajaoa, hana deni, laki natafuta." Mafundi walikuwa wamekaa nyuma pamoja, wamechangishana, na mkubwa wao, ambaye wote wanamwita Koleo, ndiye aliyekuwa akiinua mkono. Muuza duka mmoja akawa anashindana naye. Hapa. Hapa. Laki moja, laki mbili, laki tatu. Muuza duka akatikisa kichwa akakaa. Koleo akafika laki nne, akageuza mifuko yake nje ili watu waone.

Bosi alikuwa hajainua hata kidole. Alikuwa anaangalia simu.

Ukumbi ukaanza kulala. Mnadi mjinga hapo hupandisha sauti. Mdogo wangu hupunguza hatua: badala ya laki, anaomba elfu ishirini, badala ya ishirini, kumi, ilimradi mguu uendelee kupanda ngazi. "Laki nne ninayo, na kumi natafuta, kumi tu, kumi haivunji nyumba, laki nne na kumi." Mkono mmoja. Hapa. "Na ishirini natafuta." Kimya. Akazunguka nayo mara mbili, mara tatu. Kiganja hakikusimama, lakini nilimwona jasho linamtiririka, na mimi sikuwa na "hapa" ya kumpa apumue. Niliwaangalia watu wote wale wazuri, wenye mifuko mitupu, nikajisemea, basi, hatatembea. Hivi ndivyo inavyokuwa. Jogoo na kimya.

Ndipo nikasikia maneno ya katikati yamebadilika.

"Laki nne na kumi ninayo, tano natafuta, mtu kapanda nguzo, tano natafuta, mkanda haukuwepo, laki tano natafuta."

Mdundo uleule. Sauti ileile ya kuchekesha. Watu kadhaa walicheka kabla hawajaelewa walichokicheka. Nikamkata jicho ambalo lingemuua nzi. Hakuniangalia. Alikuwa anamtazama bosi.

"Tano natafuta, mikanda imeoza, tano natafuta, mipya inakuja, inakuja wapi, laki tano natafuta."

Bosi akainua kichwa. Mpiga picha wake alikuwa anaendelea kupiga. Nilitaka kumrukia mdogo wangu nimzibe mdomo kwa kiganja changu mwenyewe, na nilitaka asikome, vyote viwili, kwa nguvu sawasawa. Bosi akainua mkono haraka, kama mtu anayefukuza kitu usoni.

"Hapa," nikasema.

Nadhani alifikiri mkono wake ungemnyamazisha. Hajui mnada. Mkono haunyamazishi mnadi, unampa pumzi. "Laki tano ninayo, sita natafuta, nilikuwa chini, sita natafuta, nimeona kwa macho, laki sita." Kule nyuma mafundi walikuwa wamesimama wote. Koleo, ambaye mifuko yake tulishaiona, akainua mkono. Mshahara wa mwezi ujao ule, na wa mwezi mwingine. Hapa. Bosi, saba. Hapa. "Saba ninayo, nane natafuta, mkaguzi kaja, nane natafuta, kaangalia saa, laki nane." Koleo tena. Hapa. Nikaogopa sasa jambo jingine: jogoo akiwaangukia wale, watakula nini? Lakini mdogo wangu hakuwaacha na hesabu mkononi hata kwa pumzi moja. "Nane ninayo, tisa natafuta, nani mwenye mikanda, tisa natafuta, nani mwenye—"

"Milioni," bosi akasema, amesimama. "Milioni moja. Inatosha."

"Milioni ninayo. Mara ya kwanza, mara ya pili, imeuzwa."

Kiganja kikasimama. Ukumbi ulilipuka kwa makofi, mama mmoja akanikumbatia, mimi nikawa nahesabu kichwani kama mwehu: moja na moja, mbili. Milioni mbili. Anatembea.

Bosi alikuwa ametoa simu, anabonyeza namba ya mhazini. Kisha akaacha kubonyeza. Akaenda hadi mbele, akachukua kipaza sauti, akasema taratibu, kwa tabasamu, "Pesa hii hapa. Nimebakiza kubonyeza tu. Lakini kwanza kijana atuambie, bila kuimba. Aseme yale yote yalikuwa masihara ya mnada. Aseme kama watu wanavyosema."

Akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Mdogo wangu akafungua mdomo. "M," akasema. Shingo ikakaza. "M, m, m." Macho yakafumba. Mtu mmoja akacheka vibaya, akanyamazishwa. Bosi akasubiri, kidole juu ya simu, ana muda wote duniani. Koleo aliangalia chini.

Nimeishi na mdogo wangu miaka yote ya maisha yake, najua kila neno lake kabla halijatoka, najua midomo inavyokaa. Nilijua ile m ilikuwa ya nini. Haikuwa ya masihara. Alikuwa anasukuma neno mkanda, peke yake, bila paja, bila hesabu, jambo ambalo hajawahi kuliweza, na lilikuwa linakuja. Naapa lilikuwa linakuja. Nilimwona analiinua.

Akafumbua macho. Akaniangalia.

Sijui aliona nini usoni kwangu. Ningependa kukwambia kwamba aliona dada anayemwambia sema. Aliona mke wa mtu aliyelala hospitali.

"Masihara," akasema. Likatoka moja kwa moja, laini, halikukwama hata kidogo.

Bosi akabonyeza. Simu ya mwalimu ikalia, naye akanyanyua kidole gumba. Bosi akampiga mdogo wangu bega, akachukua jogoo wake, akampa mpiga picha amshike.

Mwalimu akamwambia mdogo wangu atangaze jumla, watu wanasubiri, na mimi nikimbie hospitali kabla dirisha halijafungwa. Mdogo wangu akainua kiganja juu ya paja. Kikabaki hewani. Akakirudisha polepole, akasogea pembeni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha bosi.

Nikachukua kipaza sauti mimi. Nikasema milioni mbili, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Watu wakapiga makofi.