Mwezi wa Sita au wa Nane

Mume wa dada yangu ni fundi wa kila kitu, mpaka kitu chenyewe kiharibike. Mashine ya sikio ya mama ilipozima, yeye ndiye aliyejitolea kudai waranti kwa simu. Waranti ni ya mwaka mmoja. Ikikataliwa, mama anabaki hasikii, maana kununua nyingine hatuwezi.

Akapiga picha ya risiti, akawatumia watu wa huduma. Baadaye akaitazama, akaona kidole chake kimeziba kona, akaona haya, akaifuta kulekule. Bingwa wetu huyo. Jibu likaja: "Picha imefutwa, hatuioni tena. Andikeni mistari muhimu: duka, tarehe, namba ya risiti, aina ya mashine na namba yake. Pasiposomeka, semeni hapasomeki."

"Nipige nyingine," akasema.

"Kwa kamera hiyo yenye ufa? Lete risiti na simu."

Risiti ilikuwa imebandikwa dirishani ili isipotee, na maandishi yalikuwa yamefifia vibaya. Nikaiinamisha kwenye mwanga, nikaanza kuandika. Duka lilisomeka. Namba ya risiti niliirudia mara tatu. Namba ya mashine nikailinganisha na iliyo kwenye boksi. Kwenye tarehe nikakwama: mwezi wa sita au wa nane? Ukiwa wa sita, waranti imekwisha. Ukiwa wa nane, tuna siku kumi.

"Andika nane, shemeji. Nakumbuka kabisa."

"Wewe? Miwani unaitafuta nyumba nzima na iko kichwani." Mama alikuwa kaketi hapohapo anakunja nguo, hasikii neno, kwa hiyo sikujibana. "Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe una kipara."

Nikaandika: mwezi hausomeki vizuri, ni 6 au 8.

Kesho yake wakajibu kwamba wameitafuta tarehe kwa namba ya risiti na kuiona. Mwezi wa nane. Mashine itabadilishwa. Shemeji akanitazama tu. Nikamwambia kubahatisha si kujua.

Mashine mpya ilipofika, yeye ndiye aliyemvalisha mama, taratibu. Mimi nilikuwa nimemgeukia dada.

"Mumeo nusura atuachie mama kiziwi. Picha kaifuta, na risiti nayo kaiacha mpaka ikafifia."

"Risiti niliiweka kwenye droo," mama akasema.

Sote tukamgeukia. Yeye akanitazama mimi.

"Wewe ndiye uliyeitoa ukaibandika dirishani. Nilikwambia jua litaila, siku ile ile, na mashine yangu ilikuwa bado nzima. Sasa kati yetu, asiyesikia ni nani?"

Dada akaanza kuokota karatasi za boksi. Shemeji alitaka kumsomea mama maelekezo, akawa anapapasa mezani, anatafuta miwani. Nikainuka, nikaishusha kutoka kichwani kwake, nikampa.