Shukrani kwa Mpiga Gita, Sijui Yupi

Kwako mpiga gita wa koti jekundu,

Mimi ni yule bibi uliyenikuta nimekalia kiti cha plastiki mbele kabisa, ubavu kwa ubavu na ile spika kubwa kama kabati. Ulinikonyeza. Nami nilikukonyeza, ingawa mjukuu wangu anasema lilikuwa vumbi jichoni.

Nakushukuru. Mimi ni fundi cherehani, na masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Mwanangu alikuwa ameshaamua: nihamie kwake, cherehani iuzwe. "Mama, mlango unagongwa husikii. Sindano ikikatika husikii. Siku moja utashona kidole." Kwake kuna kila kitu, ila hakuna kazi. Nitakaa kama pambo la sebuleni, nifutwe vumbi kila Jumamosi.

Mjukuu wangu wa kike ndiye aliyenileta kwenye onyesho lako, eti nikaage mji. Nikaona vidole vyako vinakimbia kama panya dukani, sikusikia kitu. Nikasema moyoni, ama huyu bwana anaigiza, ama mimi nimekwisha. Mara kiti kikaanza kunguruma. Ngurumo ikapanda kwenye uti wa mgongo, ikakaa kifuani, ikanigonga: du, du-du, du. Nikalia kama mtoto. Nikajua mwili wangu wote ni sikio.

Nilipofika nyumbani nikaweka kiganja kwenye meza ya cherehani, nikakanyaga. Bwana wee! Sindano ikienda sawa, meza inatetema kama paka aliyeshiba. Uzi ukikwama chini kwenye bobini, inakohoa. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza kwa masikio, kumbe mkono upo!

Nilipofika hapa kuandika, mjukuu akasoma begani kwangu (hana adabu, amenirithi). Akanipigia kelele kwenye sikio la kushoto, lile lenye nafuu:

"Bibi, huyo siye!"

"Siye nani?"

"Koti jekundu anapiga solo. Sauti nyembamba, za juu. Hizo ndizo ambazo masikio yako yameziacha kwanza. Kilichokutikisa ni besi! Gita la nyuzi nne, nene. Alipiga yule wa nyuma, karibu na ngoma."

"Nyuma kulikuwa na mtu?"

"Mrefu, kofia imefunika macho. Hakusogea usiku kucha."

"Nilidhani ni mlingoti wa taa."

Sasa nimechanganyikiwa. Barua nimeandika kwa wino, na koti jekundu ndiye aliyenikonyeza. Nikamwambia mjukuu aniimbie ule wimbo. Akaimba habari za mapenzi na machozi. Siujui! Wimbo wangu hauna maneno. Basi nilikwenda onyesho lipi mimi?

Niliiacha kalamu hapo, maana mwanangu alikuja kunichukua.

Chumba changu kiko ghorofani, sakafu ni ya mbao. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, mguu mmoja kwenye kanyagio, mwingine peku sakafuni. Unyayo ukaniambia: mbao zinatikiswa na hatua ninazozijua. Nikasema bila kugeuka, "Karibu, mwanangu. Usikanyage kitambaa cha watu."

Akazunguka mbele yangu, akasema kwa nguvu, "Umenusa marashi yangu."

"Ulijipaka? Pole, hayafanyi kazi."

"Mama, sina utani. Geukia ukutani. Nitagonga sakafu kwa mguu, uniambie mara ngapi."

Nikageuka. Moyo ukanidunda hata nikashindwa kujua upi ni moyo na upi ni mguu. Nikavuta pumzi, nikasubiri, kama nilivyosubiri kwenye kile kiti. Du. Kimya. Du-du.

"Moja, halafu mbili," nikasema. "Na hizo mbili umepiga kwa mguu wa kulia, soli imeachia. Inapiga kofi baada ya kisigino."

Mjukuu anasema mwanangu aliinua mguu akakitazama kiatu, mdomo wazi, kiatu nacho mdomo wazi. Akaketi juu ya mto wa pini. Hapo hata mimi nilisikia.

Cherehani imebaki. Nami nimebaki. Atakuja kila Jumamosi kukagua, na nimemwambia aje na suruali zenye kazi, asije mikono mitupu.

Kwa hiyo, bwana wa koti jekundu, shukrani hizi si zako, au ni zako nusu, sielewi. Mtu akikukonyeza ukabaki hapo hadi mwingine akuokoe, unamshukuru nani? Mpe barua hii yule mlingoti wa nyuma. Mwambie akipiga tena nitakuja bila viatu.

Konyezo langu baki nalo wewe. Hilo halikuwa vumbi.