Ndevu za Mwalimu Mkuu Mpya

Jumamosi, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu. Kulipambazuka na mawingu mazito na manyunyu ya kukatakata, na hadi saa mbili jua lilikuwa bado halijaonyesha uso. Mama Cherehani alifika kwenye saluni ya kunyolea kabla ya wote. Alifungua dirisha, akasimama mbele ya kiti cha tatu, kile kisicho na kinyozi, akamwomba Mungu kimoyomoyo ampe kazi siku hiyo.

Miaka ishirini na miwili cherehani ilikuwa imemlisha yeye na wanawe, ndiyo maana jina hilo lilimganda. Alipotimiza miaka arobaini na sita alijiandikisha masomo ya jioni ya ukinyozi, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa watoto wake, akasoma mpaka akapata cheti. Lakini Bosi, mwenye saluni, alimpa taulo za kufua na nywele za kufagia. Kila alipogusia kile kiti, Bosi alimwambia avute subira, wanaume hawajazoea kushikwa kidevu na mama mtu mzima.

Saa mbili na nusu aliingia kijana wa miaka thelathini na moja, suti imemkaa vizuri, uso umemsinyaa. Nyuma yake alikuja dada yake aliyemlea, mwanamke mwenye sauti ya kutosha soko zima. Huyo kijana ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu, na saa nne angesimama mbele ya wazazi kwa mara ya kwanza. Alipokuwa amenyoa kidevu kikabaki kitupu, mlinzi wa geti la shule alimzuia akimwambia wanafunzi wanapita mlango wa nyuma. Akaapa kufuga ndevu. Tatizo ni kwamba zilijaa kidevuni na kwenye taya, ila mashavuni zilikuwa chache, na shavu la kushoto lilikuwa na upara mdogo kama sarafu.

Dada mtu alimwambia Bosi kwamba wiki mbili zilizopita alimleta mdogo wake hapo akiwa binadamu, akarudishiwa shamba lililoliwa na mbuzi.

Watu wawili waliokuwa wakisubiri zamu waliangua kicheko. Bosi hakucheka. Alikuwa na mtindo mmoja kwa ndevu zote: humlaza mteja chali, humlowesha ndevu, kisha huchora mstari juu kabisa ya shavu, mnyoofu kama wa rula. Kwa shavu lililojaa, mtindo huo ulimpa sifa. Kwa shavu la mwalimu, ulizungushia uzio mahali pasipo na kitu. Bosi akasema basi dawa ni kunyoa zote. Mwalimu akashika kidevu chake kwa mikono miwili, akasema heri asiende kikaoni.

Mama Cherehani alikuwa anakunja taulo. Alisema polepole, bila kuinua macho, kwamba hizo ndevu zinaokoleka.

Bosi alimgeukia. Labda ni aibu, labda ni kuchoka kuombwa kila wiki. "Haya, mama. Hiki hapa kiti cha tatu. Akitoka hapa ameridhika, tutazungumza. Akitoka analalamika, urudi kwenye taulo zako na usinitajie tena habari za kiti."

Mama alinawa mikono. Akafumba macho kwa muda mfupi kuliko wa kupepesa, akamkabidhi Mungu vidole vyake. Kisha akakigeuza kiti kielekee dirishani, mwanga wa mawingu umpige mwalimu ubavuni, maana taa ya juu ya kioo huficha yanayotakiwa kuonekana. Hakumlowesha. Ndevu mbichi hushikana, na zikishikana mapengo huonekana makubwa kuliko yalivyo, tena zikikauka hupanda zikafupika, unakuta umekata kupita kiasi. Alizichana kavu, kushuka chini, akatazama kila upande ulikuwa na nini.

"Mwanangu, urefu ndio unaokuumbua," alimwambia. "Penye nyingi panazidi kuwa peusi, penye chache panazidi kung'aa. Tukipunguza penye nyingi, pengo litakosa wa kulisema."

Alianza na kichana cha mashine namba nne, akaona bado, akashuka hadi namba mbili, inayoacha nywele fupi zaidi. Kidevu akakiacha hapo kwenye mbili, kiwe kizito kidogo ili macho ya mtu yashukie huko. Kwenye taya na karibu na masikio, palipokuwa pamesongamana, akaingia na namba moja, akilainisha mpaka kusionekane ngazi. Zile nywele chache zilizo juu ya upara hakuzigusa. Alizichana zikalala juu yake kama pazia.

Kisha akachukua penseli nyeupe ya kuchorea mstari, akasita. Darasani aliwahi kumchora mtu akiwa amelala kimya, na mtu huyo alipoinuka akacheka, shavu moja likapanda na mstari nao. Mwalimu mwenye kikao hawezi kukaa uso wa msiba saa mbili nzima. Akamketisha wima, akamwomba dada mtu asimulie ile habari ya geti.

Dada hakuhitaji kubembelezwa. Aliigiza sauti ya mlinzi, akaigiza mwalimu akitafuta kitambulisho mfukoni huku ameshikwa begi, mpaka mwenye habari mwenyewe akacheka meno yote nje. Hapo ndipo Mama Cherehani alipoweka alama. Mstari ulianza kwenye sikio, ukashuka kwa mkunjo laini juu ya lile pazia, chini ya nywele zilizotawanyika juu kabisa ya shavu, ukafika pembe ya masharubu.

Akamaliza kushoto. Akaja kulia, penye ndevu nzuri, akaweka wembe juu ya nywele zilizojaa.

"Huko ndiko kuzuri, mama," Bosi alisema, amesimama. "Unaharibu."

Dada mtu alishika mkoba wake kifuani.

"Mkono wa shati ukiwa mfupi na kitambaa kimekwisha," Mama alijibu, "huuachi mwingine mrefu. Unaupunguza ule mrefu."

Akaushusha mstari wa kulia ulingane na wa kushoto. Shingoni akapima vidole viwili juu ya koromeo, akasafisha chini ya hapo tu, akaacha kivuli chini ya taya kishikilie uso. Kando za mstari hakuzikaza kwa wembe. Alizilainisha kwa ncha ya mashine. Akafuta, akampa mwalimu kioo cha mkononi.

Mwalimu alijitazama kushoto. Akajitazama kulia. Akacheka makusudi, akatazama tena.

Kabla hajapata la kusema, mlango ulifunguka, akaingia dereva wa lori, baba wa mwanafunzi, kofia imelowa manyunyu. Mwezi uliopita dereva huyuhuyu alikuwa amemkuta mwalimu ofisini akamwambia, kijana, hebu kaniitie mkubwa wako. Sasa alivua kofia mbele ya kiti cha tatu.

"Samahani, mzee. Foleni inaanzia wapi? Nawahi kikao cha shule."

"Kaa hapo," mwalimu alimjibu kwa sauti iliyotulia. "Hicho kikao hakianzi bila mimi."

Dereva alimkazia macho, akamtambua, akapigwa na butwaa. Dada mtu alicheka mpaka akalazimika kuketi. Mama Cherehani aligeukia dirishani, akashukuru bila sauti.

Mwalimu aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, umenipa uso wangu," alisema. Kisha akamtazama Bosi, na wote wakamtazama Bosi.

Bosi aligeukia kabati. Akatoa koti jeupe la kinyozi ambalo halijawahi kuvaliwa, akamwekea Mama mabegani.

"Mmenisikia nikiahidi kwamba tutazungumza," alisema, kwa sauti ya kumfikia hata dereva aliyekaa mlangoni. "Ninyi ni mashahidi wangu. Kuanzia leo kiti cha tatu ni cha mama huyu, na taulo nitazifua mimi mpaka nipate mtu mwingine."