Mpishi Aliyeondolewa Jukwaani

Mtunzi alikuwa amekasirika tangu asubuhi, na hasira yake ilikuwa na sababu: watu walikuwa wamecheka. Wangecheka penye kuchekesha, angewabariki. Walicheka pale shujaa wake alipopiga magoti kwenye kaburi la kaka yake.

Kisa chenyewe ni hiki. Kikundi chao kilikuwa na mchezo wa askari mmoja mkimya, anayemsaka aliyemuua kaka yake. Safarini alifuatana na mpishi wa kambi, mwoga, mlafi, mdomo haufungi. Mpishi huyo aliigizwa na shemeji yake Mtunzi, mume wa dada yake, fundi makochi ambaye hata msibani hakosi la kusema. Kila onyesho lilipokwisha, watazamaji walitoka wakiiga maneno ya mpishi. Ya shujaa hakuna aliyeyakumbuka. Mtunzi akaona wivu, tuseme ukweli, ingawa mwenyewe aliuita usanii. Akamfuta mpishi. Mistari michache aliyoihitaji akampa shujaa aiseme peke yake.

Meneja wa ukumbi akaja kutazama, aamue kama atawapa msimu mzima au la. Mwanzo huzuni, katikati huzuni, na waalikwa wake wakavumilia kistaarabu. Walipofika kaburini, kicheko kikamponyoka mtu mmoja, mwingine akadakia, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Nawapa mpaka Ijumaa," meneja alisema akiokota mkoba wake. "Pasipobadilika kitu, nafasi naipa kwaya."

Ndiyo maana Mtunzi alikuwa ameketi kwenye ngazi za jukwaa, akiisugua tena ile hotuba ya kaburini. Akibadilisha neno, akilirudisha.

"Maneno hayana kosa, dada," alisema mwigizaji wa shujaa, ambaye kikundi kizima kilimwita Mnuno. "Kosa ni kwamba naongea na ukuta."

"Unaongea na moyo wako!"

"Basi moyo wangu umechoka. Zamani mpishi alikuwa ananiuliza, 'Bosi, tunakwenda wapi, na kwa nini gizani?' Namjibu kwa mkato, watu wanaelewa. Sasa najieleza mwenyewe kama mtu anayeomba kazi. Tena zamani akisinzia namfunika blanketi. Sasa nani atajua kama nina huruma?"

Hilo likamuudhi Mtunzi zaidi. Aliufungua mchezo wa zamani akausoma kwa kinyongo, ukurasa kwa ukurasa. Pale mtoni, mpishi alipotetemeka mpaka kifuniko cha sufuria kikalia, ndipo ushujaa wa mwenzake ulipoonekana. Pale alipochekesha, watu walishusha pumzi, vifua vikapata nafasi ya kupokea pigo jingine. Na ni yeye tu aliyethubutu kumwambia bosi wake, "Kisasi hakishibishi. Mimi mpishi, najua kinachoshibisha." Yote hayo Mtunzi aliyafyeka mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Alitamani kujipiga kofi.

Akaenda karakana kwa shemeji yake, akamkuta amezungukwa na makochi yaliyovuliwa vitambaa.

"Karibu shemeji. Umekuja kunifuta na huku?"

"Nimekuja kukuomba radhi, na usinifanye nirudie."

"Rudia kidogo tu, misumari haikusikia."

"Utarudi jukwaani," Mtunzi alisema, akijikaza asimtupie mto. "Vichekesho vyako vyote unarudishiwa. Ila kaburini hakuna mzaha. Shujaa anakwambia urudi kwa watoto wako, nawe huna jibu. Unaweka sufuria chini, unaondoka."

"Bila neno? Watu si watanishangaa?"

"Ndicho ninachotaka. Hata kuguna usigune, shemeji."

"Hapo unanikata ulimi." Akagonga msumari, akaukosa. "Nitajaribu. Siahidi."

Hilo "siahidi" lilimnyima Mtunzi raha mpaka Ijumaa.

Siku hiyo ukumbi ulicheka tangu mwanzo, na meneja alicheka zaidi ya wengine. Kisha wakafika kaburini.

"Rudi kwa watoto wako," Mnuno alisema.

Mpishi akafumbua kinywa. Watu wakajiandaa kucheka, wengine wakaanza kabisa. Nyuma ya pazia Mtunzi aliuma kidole. Nyamaza, alimwomba kimoyomoyo, nyamaza mara moja tu maishani mwako. Shemeji akafumba kinywa. Akaiweka sufuria chini, akaisogeza karibu na miguu ya bosi wake, akatoka. Vicheko vilivyokuwa vimeanza vikafa kimoja kimoja. Mnuno akabaki na kaburi, akapiga magoti, akasema hotuba yake mpaka mwisho, na hakuna aliyekohoa.

Meneja alikuja nyuma ya jukwaa akijifuta macho kwa mkono wa koti.

"Msimu ni wenu. Ile hotuba ya kaburini mmeiandika upya, na mmeiweza."

"Hatujaigusa hata neno," Mtunzi alijibu, kwa ukali ambao meneja wa watu hakuustahili. Kumbe pale ngazini, alipoisugua hotuba, alikuwa akimtibu asiyeumwa.