Maharage ya Gunia Moja

Barua ilifika mezani kwa Mwalimu Mkuu Jumatano asubuhi, imekunjwa mara nne, pembeni ina alama ya kidole chenye mafuta. Hakuhitaji kuuliza imetoka kwa nani. Katika shule nzima, mwenye vidole vya namna hiyo saa moja na nusu asubuhi alikuwa mmoja tu: mpishi, ambaye walimu na wanafunzi walimwita Bi Mwiko, naye akaitika bila kinyongo.

Kwa miaka tisa Bi Mwiko hakuwahi kumwandikia mtu hata mstari mmoja. Chumvi ikiisha, alisimama mlangoni na kusema chumvi imeisha, kisha akaondoka zake. Leo karatasi ya nini? Mwalimu Mkuu alidhani anajua. Ijumaa kamati ya shule ingekutana, na ajenda ya tatu ilikuwa ni huyo huyo mpishi. Wazazi walikuwa wamechoka. Maharage yalifika kwenye sahani magumu kama kokoto, na maziwa ya watoto wa darasa la awali yalikuwa yameganda mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mwenyekiti wa kamati, mwenye bucha pale barabarani, alikwisha kusema waziwazi kwamba atafutwe mpishi mwingine. Mwalimu Mkuu naye moyoni alikwisha kukubali. Basi aliifungua barua akitarajia kilio: mimi mjane, nina watoto, nionee huruma.

Hakukuwa na kilio.

"Mwalimu Mkuu," ilianza, "naomba stoo ya chakula na friji. Tuliyonayo si stoo, ni chumba kilichokosa kazi. Maziwa yanaletwa jioni. Nayachemsha, nayalaza kwenye beseni la maji, lakini joto linanishinda. Hilo ni rahisi kueleza. La maharage si rahisi, kwa hiyo silielezi. Maharage ya gunia moja hayaivi pamoja. Njoo jikoni kesho saa kumi na mbili asubuhi uone kwa macho yako. Njoo na saa."

Akaisoma mara ya pili, na ya tatu. Kabla ya kupewa ofisi alikuwa mwalimu wa sayansi, na ugonjwa wa wenye kazi hiyo haumtoki mtu: akisikia jambo lisiloeleweka, hakai akatulia. Maharage ya gunia moja yana shamba moja, msimu mmoja, mbegu moja. Yakosaneje ndani ya chungu?

Akamwita mwalimu wa chakula, kijana mwenye funguo za stoo, ambaye hupokea magunia na kutia saini. Kijana aliisoma barua huku uso ukimkunjamana. Kwanza, alisema, barua hiyo ilipaswa kupitia kwake. Huyo mama ameruka ngazi. Pili, mpishi mbaya husingizia kuni, akikosa kuni husingizia maji, na sasa amefika kwenye maharage yenyewe.

"Tangu lini maharage yakawa na tabia, Mwalimu?" akauliza.

"Ndicho ninachotaka kujua," akajibiwa, na hilo halikuwa jibu alilolitaka.

Alhamisi kulipambazuka Mwalimu Mkuu akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa mkononi, moshi ukimtoa machozi. Mbele yake vilikuwa vyungu viwili vidogo vinavyolingana, kila kimoja juu ya mafiga yake. Bi Mwiko alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono minene, na alisema kama alivyokata vitunguu, haraka na bila kurudia.

Alimweleza kwamba muhula ulipoanza, miezi mitano nyuma, magunia mapya ya maharage yaliletwa. Siku ile ile lilipofunguliwa gunia la kwanza, alichota bakuli mbili, akazitia kwenye debe lenye mfuniko, akaenda nazo kwake na kuziweka pembeni mwa chumba kisichopigwa na jua. Gunia likashonwa tena, likabaki stoo. Mwalimu wa chakula alinung'unika kwamba mpishi anabeba chakula cha watoto, naye akamtaka aandike kwenye hati ya mapokezi: bakuli mbili, za majaribio. Kijana akaandika huku akicheka. Jana jioni Bi Mwiko alikuwa ameloweka ya debe na ya gunia wakati mmoja, kwa maji ya bomba moja.

"Kwa hiyo kilichotofautiana ni yalipolala tu," Mwalimu Mkuu alisema.

"Wewe ndiye uliyesoma. Angalia saa yako."

Akaangalia. Kila baada ya robo saa Bi Mwiko alitoa punje moja kutoka kila chungu na kumwekea kiganjani, naye akaibana kwa vidole viwili. Mwanzoni zote zilikuwa ngumu. Ilipotimia saa moja na robo, punje ya debe ilipondeka laini, ikamwachia uji kwenye kidole gumba. Ya gunia ikateleza, ikaruka, ikagonga ukuta. Ilipotimia saa mbili na nusu bado ilikuwa na moyo mgumu katikati, na kuni za chungu kile zilikuwa zimeongezwa mara tatu. Mwalimu Mkuu alisahau moshi. Alisahau hata kwamba kengele ya mstarini ilikuwa imelia. Alitaka kuzibana zote, moja moja.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mimi napika, Mwalimu. Hiyo 'kwa nini' ni kazi yako. Nenda kaangalie yanapolala."

Stoo ilikuwa chumba cha mwisho kwenye safu ya madarasa, bati tupu juu, hakuna dari, dirisha moja lililopigiwa mbao. Asubuhi ile tu joto lilikuwa limekwisha kukaa ndani kama mgeni asiyeaga. Magunia yalilala chini, juu ya saruji, yakiegemea ukuta. Mapya mbele, ya zamani nyuma, kwa sababu mlango ni mmoja na aletaye mzigo hapendi kuzunguka. Mwalimu Mkuu alikuwa bado anayatazama alipoingia mhudumu wa usafi na ndoo. Akamwamkia kwa heshima, akachovya mkono, akaanza kunyunyizia sakafu, kushoto na kulia, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo kila siku ya kazi. Maji yakakusanyika, yakatafuta mteremko, yakaingia chini ya magunia.

Mwalimu Mkuu akachuchumaa, akapenyeza mkono chini ya gunia. Kulikuwa na unyevu na uvuguvugu, kama ndani ya mdomo wa ng'ombe. Kwenye kitambaa cha gunia palikuwa na mstari mweusi, urefu wa shibiri moja kutoka chini. Joto juu, maji chini, miezi mitano. Punje zimechemshwa polepole bila moto, zikakomaa ukaidi hata moto wa kweli usizilainishe.

"Nani alikuagiza kumwagia maji humu?"

Mhudumu alishangaa. Alisema ni tangazo la Mwalimu Mkuu mwenyewe, lile la ubaoni lenye muhuri: kila chumba kinyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, vumbi lisiwaingie watoto kifuani. Kila chumba, akarudia, na yeye hakuwahi kuruka hata kimoja.

Ilikuwa kweli. Tangazo lile alilitunga miaka miwili nyuma kwa fahari, mkaguzi akalisifu, na tangu hapo hakukosa kulitaja kwenye kila kikao cha wazazi.

Akarudi jikoni polepole. Bi Mwiko alikuwa anaosha sufuria, hakugeuka.

"Ulijua," Mwalimu Mkuu alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukuandika?"

"Ningeandika kwamba Mwalimu Mkuu ndiye anayemwagilia maharage? Barua ya hivyo ungeisoma mpaka mwisho?"

Mwalimu Mkuu alijua jibu, na hakulipenda.

Usiku ule hakulala vizuri. Njia za kupita pembeni zilikuwepo. Angeweza kusema bati, angeweza kusema joto, na asingekuwa amesema uongo. Maji yangekaushwa kimyakimya na hakuna ambaye angejua.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye darasa tupu, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Ilipofika ajenda ya tatu, Mwalimu Mkuu aliomba Bi Mwiko aingie. Akaingia na sahani mbili. Mwenye bucha akaonja ya kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaonja ya pili, akatema kwenye leso.

"Dada, hii umeiroga."

"Ningejua kuroga, kaka, ningeanza na mizani yako."

Darasa likacheka, na mwenye bucha akacheka zaidi ya wote, maana hakuwa na njia nyingine. Mwalimu Mkuu akaeleza debe na gunia, saa moja na robo na saa mbili na nusu, na maji aliyoyakuta chini ya magunia. Mjumbe mmoja akauliza kama ni hakika yalitoka gunia moja. Mwalimu wa chakula akafungua faili, akasoma hati kwa sauti ndogo: bakuli mbili, za majaribio. Saini ni yake.

"Basi stoo ina maji," mwenye bucha alisema, na macho yake yakamgeukia kijana. "Nani anayeitunza?"

Kijana akainamisha kichwa. Alikuwa tayari kubebeshwa lawama. Bi Mwiko akamtazama Mwalimu Mkuu, si kwa kumlaumu, bali kama alivyotazama chungu ili aone kitachemka upande gani.

"Maji ni yangu," Mwalimu Mkuu alisema. "Tangazo niliandika mimi, na chumba cha chakula nilikisahau. Mpishi amekuwa akipika makosa yangu kwa miaka miwili."

Mwenye bucha akakohoa, akasema jina la mpishi lifutwe kwenye ajenda ya tatu, liandikwe neno stoo.

Mengine yakaenda kwa haraka. Chumba cha vitabu chakavu, kilichoko upande wa kivuli, kingesafishwa na kuwekwa dari, madirisha yatiwe wavu wa panya, na fundi atengeneze vichaga vya mbao ili magunia yakae juu, mbali na ukuta, ya zamani yatangulie kutoka. Huko kufagia kuwe kukavu. Friji lingenunuliwa muhula ujao. Mwenye bucha akajitolea kulaza maziwa kwenye friji lake mpaka hapo. Bi Mwiko akakataa papo hapo: maziwa ya watoto hayalali chini ya nyama mbichi. Afadhali mlinzi afungue geti mapema, muuza maziwa alete ya alfajiri badala ya ya jioni, yachemshwe na kunywewa kabla ya saa nne. Likakubaliwa hilo.

Baada ya watu kutawanyika, Mwalimu Mkuu alimkuta Bi Mwiko jikoni akikagua karatasi ya maamuzi.

"Mmeandika friji la milango miwili," alisema. "Upana hamkuandika."

"Upana wa nini? Utaingiza sufuria nzima?"

"Sufuria ya moto ndani ya friji? Itapasha kila kitu. Nitagawa maziwa kwenye vikopo vyenye vifuniko, vipoe haraka, ndipo viingie. Swali ni vikopo vingapi kwa rafu moja."

Mwalimu Mkuu akatafakari. Kisha akaenda darasa la karibu, akarudi na rula ndefu ya ubaoni. Akapiga goti kwenye sakafu ya jikoni, suruali yake safi ikagusa majivu, akaanza kupima kikopo cha kwanza.

"Sentimita kumi na nne," alisema. "Nipe kingine."