Mifano ya Mama

Nimefundisha Kifaransa miaka kumi na minne, na sijapata kuona mwanafunzi mgumu kuliko yule niliyemzaa mwenyewe.

Kitindamimba wangu alikuwa amefeli mtihani wa mazungumzo katika chuo cha hoteli. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya kurudia, Jumatatu saa tatu asubuhi. Akifeli tena, anaondolewa kwenye kozi ya mapokezi. Alipoangukia ni kulinganisha vitu, jambo ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanalimaliza kwa wiki mbili. Jumamosi, nilipomaliza kuanika nguo, nikafuta meza ya jikoni na kumketisha.

"Plus, kivumishi, kisha que," nilimwambia. "Kiingereza, neno fupi unalibandikia -er mwishoni, refu unalitanguliza more, halafu than. Kiswahili, kuliko. Hakuna uchawi hapo. Haya: Ma cousine est plus sérieuse que moi. Binamu yangu ana bidii kuliko mimi."

Akatazama mfuko wa unga.

"Nasubiri."

"Ma cousine est..."

"Est nini? Unga hauna jibu!"

Huyo cousine, ambaye mwanangu humwita Dada, ni binti wa dada yangu mkubwa. Alipita chuo hichohicho, na leo ni mkuu wa mapokezi.

"Tuache plus. Chukua moins: Je suis moins rapide qu'elle. Si mwepesi kama yeye. Haya."

Akaugeukia tena mfuko wa unga.

"Basi ya kilele. Elle est la meilleure de la classe. Waingereza wanasema the best in the class, ndiyo maana mnachomeka dans. Kifaransa ni de. Bora kuliko wote darasani. Nani huyo?"

"Dada," alisema, kwa Kiswahili.

"Mungu wangu! Nimekuuliza kwa lugha gani?"

Nilihisi kichwa kinagonga. Nguo zilikuwa zinangoja pasi, madaftari arobaini yanangoja kalamu, na huyu amekaa kama gogo. Sauti ikanipanda. Nikampigia meza. De plus en plus! Kiingereza, more and more, au bigger and bigger. Kiswahili tunacho kitenzi chetu, kuzidi: anazidi kuwa mrefu, bei inazidi kupanda. Mtoto wa chekechea angeelewa!

"Nipe sentensi moja tu. Moja! Yako mwenyewe."

Aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Tu cries de plus en plus fort, et moi, je parle de moins en moins."

Unazidi kupiga kelele, nami nazidi kunyamaza. Kwa mazoea ya kazi nikatafuta kosa kwanza. Halikuwepo. Hata r yake ilikaa mahali pake.

"Kumbe unajua!"

"Nilijua tangu mwanzo, Mama. Lakini kila sentensi unayonipa inasema mimi si kitu. Nikiirudia, ni kama nakubali. Kwenye mtihani ule, mwalimu aliposema nilinganishe watu wawili, nikakusikia wewe. Mdomo ukagoma."

Baba yake, aliyekuwa akikaza koki ya sinki muda wote huo, akacheka bila kugeuka. "Mama watoto, hata mimi ningekuwa bubu. Mpe masufuria ayalinganishe."

"Wewe kaza koki yako."

Lakini nikayateremsha. Matatu, juu ya meza. Mtoto akayatazama, akaanza polepole: hili kubwa kuliko lile, lile si zito kama hili, hili dogo ndilo kongwe kuliko yote, la plus vieille de toutes. Akaenda kwa vikombe, akaenda kwa koki inayozidi kuvuja, fuit de plus en plus, baba yake akaguna. Nilimsahihisha mara moja tu, aliposema plus bon badala ya meilleur. Ilinibidi kukalia mikono yangu.

Jumatatu alinikataza kumsindikiza. Nilifundisha vipindi viwili nikikosea majina ya wanafunzi. Saa tano simu ikalia.

"Nimepita. Sitini na moja. Walinipa picha za vyumba viwili vya hoteli, nikaongea mpaka wakanizuia."

Sitini na moja! Mtoto anayejua kiasi kile! Kwenye ncha ya ulimi kulikuwa na swali, na jina la binamu yake ndani yake. Nililimeza, na lilikuwa na miiba.

"Hongera, mwanangu," nilisema.

"Hongera tu?"

"Hongera tu. Njoo nyumbani ule."